Fundi anasema ananidai, mimi naona nimemzidishia: jinsi ya kupanga leja ya ukarabati

*Shikamoo mtaalamu. Nakarabati nyumba ya zamani Area C hapa Dodoma, nina mafundi watano (tailizi, bomba, umeme, plasta na rangi). Wa tailizi kotesheni yake ilikuwa laki saba na ishirini, nimeshampa laki nane na nusu kwa mafungu, leo ananiambia bado ananidai laki nne! Hesabu zangu ziko nusu kwenye daftari nusu kwenye meseji za M-Pesa. Nipangeje kwenye simu niwe najua kila fundi alisema bei gani, advansi, kazi za nyongeza na malipo ya mwisho?*

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujamjibu huyo fundi kwa hasira, ngoja kwanza, maana inawezekana kabisa wote wawili mnasema ukweli na bado hamkubaliani. Hii kesi naiona sana kwenye kazi yetu ya ukadiriaji majenzi, na mara nyingi haisababishwi na wizi, inasababishwa na kitu kimoja: pesa ya leba na pesa ya vifaa zimepita mkononi mwa fundi mmoja na wewe umezijumlisha pamoja. Yeye anahesabu leba tu, wewe unahesabu kila shilingi iliyotoka kwenye simu yako kwenda kwake, basi hamtakutana hata mkikaa mpaka usiku.

Sasa watu wengi wakitaka kutengeneza eksel wanaanza na mstari mmoja kwa kila fundi, kolamu ya bei, kolamu ya advansi, kolamu ya nyongeza, kolamu ya baki. Inaonekana safi ila inakufa wiki ya pili, kwa sababu fundi halipwi mara moja, analipwa mara sita mara saba, kwa hiyo unaanza kufuta 300,000 unaandika 500,000, kesho unafuta kotesheni unaandika mpya maana kuna kazi imeongezeka, na ukishafuta hujui tena ulianzia wapi. Usifanye hivyo. Fungua Google Sheets, weka shiti mbili. Ya kwanza iite LEJA, hapo kila tukio ni mstari wake na hakuna mstari unaofutwa kamwe. Ya pili iite FUNDI, hiyo wewe huandiki namba kabisa, inajijumlishia yenyewe kutoka kwenye LEJA.

LEJA ina kolamu saba: A tarehe, B fundi, C aina, D maelezo, E kiasi, F imekubaliwa, G ushahidi. Moyo wa mambo yote upo kwenye kolamu C. Aina ziwe hizi tu: KOTESHENI, NYONGEZA, PUNGUZO, MALIPO, VIFAA, RISITI, na MANUNUZI kwa vile unavyonunua mwenyewe dukani bila kupitia kwa fundi. MALIPO ni ya leba peke yake, advansi nayo ni MALIPO tu kama mengine, usiitengenezee aina yake, kwenye maelezo andika "advansi" inatosha. VIFAA ni pesa uliyompa fundi akanunue kitu, na hiyo siyo mali yake, ni masurufu kama anayopewa mtumishi akisafiri, anatakiwa arudi na risiti au arudi na chenji. RISITI ndiyo anachokuletea kuonyesha imetumikaje.

Sijaziona meseji zako kwa hiyo namba za katikati nazipanga mwenyewe, ila nazifikisha palepale kwenye laki nane na nusu yako na laki nne yake ili uone inavyotokea:

```
3/6   Tailizi  KOTESHENI  leba mita 90 x 8,000      720000  NDIYO
3/6   Tailizi  MALIPO     advansi                   300000
5/6   Tailizi  VIFAA      simenti, gundi, grauti    350000
9/6   Tailizi  RISITI     hadiwea                   310000
11/6  Tailizi  NYONGEZA   kubomoa sakafu ya choo    120000  NDIYO
20/6  Tailizi  MALIPO     fungu la pili             200000
24/6  Tailizi  NYONGEZA   skating                    60000  BADO
26/6  Tailizi  PUNGUZO    kipimo ni 84 siyo 90       48000  NDIYO
```

Angalia hapo. Wewe ulichotuma ni 300,000 na 350,000 na 200,000, jumla 850,000, na ukiweka mbele ya 720,000 unaona kabisa umemzidishia. Fundi naye kichwani kwake ana kotesheni 720,000, choo 120,000, skating, yaani ule ukanda wa tailizi chini ya ukuta, 60,000, jumla 900,000, leba aliyopokea ni 500,000, kwa hiyo anadai 400,000. Hakuna aliyedanganya. Ila hata hiyo laki nne yake nayo haijakaa sawa, kwa sababu kuna vitu vitatu hajaviweka sawa.

Cha kwanza ni chenji ya vifaa. Ulimpa 350,000, risiti zake zinafika 310,000, maana yake 40,000 bado iko mfukoni kwake. Mafundi wengi hawarudishi hiyo na wala hawaoni kama wamekosea, wanajua tutamalizana mwisho, sasa mwisho ndio huu na lazima itolewe kwenye deni. Na kuna upande wa pili wa haki, wakati mwingine fundi anaongezea hela yake mfukoni, grauti imeisha, wewe uko kazini Mtumba simu hupokei, ananunua ili kazi isisimame. Hapo risiti zinakuwa kubwa kuliko VIFAA na leja itaonyesha wewe ndo unadaiwa, uzuri fomula nitakayokupa inaligeuza lenyewe huhitaji kufanya kitu.

Cha pili ni kipimo. Kama mlikubaliana kwa skwea mita, ile 90 ilikuwa makadirio ya macho siku ya kwanza. Kazi ikiisha mnapima pamoja na futi kamba, chumba kwa chumba, urefu mara upana, mnaandika. Kama imetoka 84, basi mita 6 mara 8,000 ni 48,000 ya kupungua, na kama ingetoka 95 ungemuongezea, huwezi kupima pale tu inapokufaa wewe. Lakini kama mlikubaliana mkupuo, yaani "nyumba nzima laki saba na ishirini", basi kipimo hakina kazi tena, bei ni ile ile hata kama amefanya mita pungufu. Kwa hiyo siku unaandika mstari wa KOTESHENI, kwenye maelezo sema wazi ni kwa mita au ni mkupuo, na useme nini kimo na nini hakimo. Kwa tailizi hapo pa kugombaniwa panajulikana: skating, kubomoa tailizi au sakafu ya zamani, kupandisha ukuta wa choo na jiko, kukata kwenye ngazi na kutoa uchafu nje. Ukiandika "bila skating, bila kubomoa" maneno manne tu yameshakuokoa.

Cha tatu ndicho hiyo skating yenyewe. Kwenye leja nimeiwekea BADO, kwa sababu kwenye mfano huu fundi ameiweka bila kukuuliza bei, yeye anasema ni nyongeza wewe unasema si ipo kwenye tailizi. Usiifute, na usiikubali kimyakimya pia. Ikae pale ikiwa BADO mpaka mkae muongee, na kolamu F kazi yake ndo hiyo, nyongeza isiyo na NDIYO haiingii kwenye deni.

Sasa nenda shiti ya FUNDI. Kolamu A andika majina ya mafundi, mmoja kwa mstari, kuanzia A2. Halafu B2 hii ya kotesheni:

```
=SUMIFS(LEJA!$E:$E,LEJA!$B:$B,$A2,LEJA!$C:$C,"KOTESHENI")
```

C2 ni nyongeza zilizokubaliwa tu:

```
=SUMIFS(LEJA!$E:$E,LEJA!$B:$B,$A2,LEJA!$C:$C,"NYONGEZA",LEJA!$F:$F,"NDIYO")
```

D2 nakili ile ya C2 ubadilishe neno liwe PUNGUZO, E2 nakili ya B2 ubadilishe liwe MALIPO. F2 ni chenji aliyoshika, VIFAA ukitoa RISITI:

```
=SUMIFS(LEJA!$E:$E,LEJA!$B:$B,$A2,LEJA!$C:$C,"VIFAA")-SUMIFS(LEJA!$E:$E,LEJA!$B:$B,$A2,LEJA!$C:$C,"RISITI")
```

Na G2 ndo baki, hii ndiyo namba utakayokuwa unaifungulia simu kila siku:

```
=B2+C2-D2-E2-F2
```

Buruta chini kwa mafundi wote watano, basi. Kama simu au kompyuta yako inakataa mkato na inakuonyesha kosa, badilisha kila `,` iliyoko ndani ya fomula iwe `;`, inategemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio. Na fundi akikurudishia chenji taslimu, andika mstari mwingine wa VIFAA wenye kutoa mbele, mfano -40000, usiende kuipunguza ile 350,000 ya zamani.

Kwa fundi wako wa mfano itatoka hivi: 720,000 kujumlisha 120,000 kutoa 48,000, leba halali ni 792,000. Toa 500,000 aliyolipwa, toa chenji 40,000, baki ni 252,000. Mkikubaliana kuhusu skating unabadilisha BADO kuwa NDIYO na inaruka yenyewe kuwa 312,000. Kwa hiyo siyo laki nne na siyo sifuri, na sasa ubishi wenu umebaki kwenye elfu sitini tu ya skating, hiyo watu wazima wawili wanaimaliza kwa dakika kumi.

Kuna mambo mawili yanayoiharibu hii leja kimyakimya na lazima ujue kuyagundua. La kwanza jinsi tunavyozoea kuandika hela. Ukiandika 300,000/= au "laki 3" kwenye kolamu E, shiti inaona hayo ni maneno siyo namba, na SUMIFS inayaruka bila kukwambia chochote, fundi anaonekana hajalipwa. Andika 300000 tupu, na mahali popote pembeni weka hii:

```
=COUNTA(LEJA!E2:E500)-COUNT(LEJA!E2:E500)
```

Ikisoma 0 uko salama, ikisoma 2 kuna vyumba viwili vina maneno, vitafute, kwa kawaida vimeegemea kushoto wakati namba zinaegemea kulia. La pili ni majina. "Tailizi" na "Fundi tailizi" ni watu wawili kwa shiti, hata nafasi moja tupu mwishoni mwa jina inatosha kuwatenganisha. Dawa yake ni kuweka orodha ya kuchagua, kwenye kompyuta chagua kolamu B ya LEJA, nenda Data, kisha Data validation, uielekeze kwenye majina ya shiti ya FUNDI, chini yao uongeze jina NYUMBA kwa vile unavyonunua mwenyewe, hivyo hivyo kolamu C na zile aina saba. Baada ya hapo hata ukiwa kwenye bajaji unagusa tu unachagua. Alafu weka na hii ya kuhakiki pembeni kwenye shiti ya FUNDI, isiwe ndani ya kolamu E:

```
=SUMIFS(LEJA!E:E,LEJA!C:C,"MALIPO")-SUM(E2:E20)
```

Isiposoma 0 kuna malipo yamepotelea kwenye jina lisilojulikana.

Kolamu G ya ushahidi usiichukulie poa. Ukilipa kwa simu weka ile namba ya muamala inayokuja kwenye meseji, ukilipa taslimu mwambie fundi akutumie hapohapo meseji "nimepokea 200,000 fungu la pili", unaweka tarehe ya meseji. Na kiasi kiandike kile kilichomfikia fundi. Makato ya kutuma siyo sehemu ya leba yake, na kama mmekubaliana unamwekea na ya kutolea, hiyo nayo ipeleke kwenye MANUNUZI kwa jina NYUMBA, vinginevyo mwisho wa kazi mnakuwa mnapishana elfu tatu elfu nne ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Kitu kingine, fundi akikwambia "tuma kwa saidia wangu, simu yangu haina chaji", tuma ukitaka, ila mstari uende kwa jina la fundi na kwenye maelezo uandike namba ya nani, na fundi mwenyewe athibitishe kwa meseji.

Risiti za hadiwea ziombe za EFD na uzipige picha siku hiyohiyo maana ile karatasi inafutika ikikaa kwenye jua la Dodoma, weka picha kwenye folda moja ya Google Drive. Mchanga, kokoto na boza la maji mara nyingi havina risiti, hapo mfanye fundi akupigie mbele ya muuzaji, uongee naye mwenyewe bei, piga picha tripu ikishushwa, andika RISITI kwa kiasi hicho na kwenye ushahidi "picha + simu". Sio kamili lakini inazuia ile tripu moja kulipiwa mara mbili.

Sasa nyongeza, hapa ndo nataka uweke nguvu, maana nyumba za zamani za huku zinaficha mambo. Udongo wa baadhi ya maeneo ya hapa Dodoma una mfinyanzi, mvua za Desemba mpaka Aprili unavimba, kiangazi unanywea, nyumba inacheza na ukuta unapasuka. Fundi wako wa plasta akishabandua plasta ya zamani atakuta nyufa ambazo siku anatoa kotesheni hazikuonekana, na wa bomba akifukua atakuta bomba la chuma limeliwa na kutu lote siyo kile kipande kimoja alichokwambia. Hizo ni nyongeza za kweli na usimbane nazo. Lakini sheria yako iwe moja: kazi haianzi mpaka mstari uwe kwenye leja na meseji imejibiwa. Mtumie fundi kitu kama hiki kwenye Watsapu:

"Fundi, nyongeza ya leo: kubomoa sakafu ya choo cha ndani na kumwaga upya, leba 120,000, siku 2, vifaa nanunua mimi. Kama ni sawa jibu SAWA uanze."

Akijibu SAWA unaandika NDIYO. Akisema "tutaongea tu bosi, wewe usijali", unaweka BADO na kazi inasubiri. Vilevile fanya kinyume chake, kazi ikipungua, mfano umeamua stoo isipigwe rangi, hapohapo mtumie meseji ya PUNGUZO, usisubiri siku ya kumalizana ndo uanze kukumbuka. Kwa nyumba ya umri huo tenga kama asilimia 15 ya leba zote na vifaa vyote kwa ajili ya nyongeza, kila wiki angalia jumla ya kolamu C ya shiti ya FUNDI kwa mafundi wote, ikishakula nusu ya hicho kiasi na plasta hata haijaisha, ujue lazima ukate kitu mapema, labda rangi ya nje isubiri.

Malipo ya mwisho. Mafundi waliobaki ambao hamjaanza nao, kubaliana nao mapema kabisa kwamba asilimia 10 ya leba inabaki mpaka kazi ijaribiwe, na utaje jaribio lenyewe na siku yake. Kwenye shiti ya FUNDI weka kolamu H, ndiyo hela inayobaki:

```
=0.1*(B2+C2-D2)
```

na G2 ukitoa H2 ndo unachoweza kulipa kabla ya jaribio. Kwa huyu wa tailizi H ingekuwa 79,200, kwa hiyo ungempa 172,800 sasa na nyingine wiki ijayo. Lakini kama hukumwambia toka mwanzo usimshikie hela leo, siyo haki na atakuchukia bure, wewe fanya jaribio sasa hivi mbele yake kabla ya kumlipa. Tailizi unapita na sarafu au mpini wa bisibisi unagonga kila moja, ikilia wazi kama ina hewa chini haikushika gundi, hasa kwenye kona, aing'oe. Choo na bafu ziba tundu la maji, mwaga maji yatuame kidogo, acha mpaka kesho yake uangalie ukuta wa upande wa pili kama kuna unyevu, alafu zibua uone yote yanaelekea kwenye tundu au kuna dimbwi linabaki. Wa bomba fungua maji ya DUWASA siku yenye presha nzuri, siyo siku ya mgao, funga koki zote usiku usome mita, na uisome tena asubuhi, ikiwa imetembea kuna mahali panavuja. Wa umeme washa kila kitu kwa pamoja, pasi, jiko, hita, ila kugusa nyaya zake kwenye kisanduku ni kazi ya fundi mwenye leseni siyo yako.

Kwa leo kaa chini na meseji zako. Ingia kwenye apu ya mtandao wako uchukue taarifa ya miamala toka siku kazi ilipoanza, kila uliyomtumia fundi iingize LEJA, na kila moja jiulize ilikuwa leba au vifaa. Ambazo huzikumbuki ziandike "haijulikani" kwenye maelezo uziache bila aina, mkikaa na fundi mzipitie moja moja yeye atakukumbusha nyingi. Muonyeshe simu, mwache asome mwenyewe mistari yake, mkubaliane 84 au 90, mkubaliane skating, halafu mtumie kiasi kilichobaki na meseji ya mwisho: "Leba yote ya tailizi nyumba ya Area C imelipwa, hakuna deni kwa pande zote." Akijibu SAWA, namba ya huo muamala ndo inaingia kwenye kolamu G ya mstari wake wa mwisho, na G yake kule shiti ya FUNDI isome 0. Ikisoma namba nyingine yoyote nitumie picha ya leja nikuangalizie.